Mteja anabadilisha bango kila kukicha: daftari, majina ya faili au historia ya Drive?

rangi_mbili: Habari wadau. Nina bango la A3 la tamasha la taarabu. Lilianza la kijani. Mteja akataka damu ya mzee, kisha akapandisha kiingilio kutoka 5,000 hadi 10,000, akataka picha ya mwimbaji ikuzwe, halafu saa 2 usiku ikawa saa 1. Leo anasema: "Turudi kwenye ile ya kijani." Nyie mnatunzaje matoleo? Kwa majina ya faili, kwa daftari la pembeni, au mnaiachia Drive?

pikseli: Drive tu, mkuu. Faili moja, jina moja, kila ukipakia upya inatunza la zamani. Hizo v1, v2, v3 zinajaza folda bure.

chapa_kazi: Inasaidia, ila ina mipaka. Kwa PSD au PDF, toleo la zamani linaweza kufutwa baada ya siku 30, au matoleo yakifika 100, usipolichagulia `Keep forever`. Na mteja wa tamasha anaweza kunyamaza miezi miwili. Isitoshe, historia itakuonyesha ulipakia lini, haitakuambia mteja aliomba nini.

Sasa rangi_mbili, kwako hatari iko hapa: ile ya kijani bado ina 5,000 na saa 2. Ukiichukua ilivyo ukaipeleka kuchapwa, watu watafika na elfu tano mkononi, tena onyesho limeshaanza. Mteja akisema "turudi" anazungumzia sura. Hajasema bei irudi. Ndiyo maana daftari langu lina herufi mbili, M kwa maneno na S kwa sura:

```
v01  kijani, toleo la kwanza
v02  S  rangi: damu ya mzee
v03  M  kiingilio 5,000 -> 10,000
v04  S  picha ya mwimbaji ikuzwe
v05  M  saa 2 usiku -> saa 1 usiku
v06  imetoka v01 + M za v03, v05
```

Unafungua nakala ya v01, unateremka kwenye daftari ukiokota kila M iliyokuja baadaye, unaziingiza, unaisevu kwa namba mpya, v06. Usiiite v01 tena, kwa sababu mteja ana v01 nyingine kwenye simu yake. Ile picha ya v04 ni S, kwa hiyo usikisie; muulize kama anaitaka kubwa kwenye kijani pia.

mama_kadi: Mimi kwenye kadi za harusi natoa marekebisho matatu, la nne wanalipia. Tangu niweke hilo wamepoa. Mtoze mwanangu, ataacha kuzungukazunguka.

rangi_mbili: Shikamoo mama. Bei tulishamalizana, nilikuwa nauliza kuhusu mafaili.

chapa_kazi: Hata hiyo hesabu ya mama itatoka wapi bila daftari? Mimi naongeza K kwa kosa langu, mfano herufi niliyoruka. Hiyo simhesabii mteja.

pikseli: Ya siku 30 nimekubali. Lakini majina ya namba nayo yana kero: kuna programu inapanga v10 mbele ya v2.

chapa_kazi: Ndiyo maana ya ile sifuri, v02 na v10. Jina zima naliandika hivi: `tamasha_A3_v06.pdf`. Neno "final" siligusi kabisa. Kila mtu ana "final mpya" na "final kabisa" kwenye kompyuta yake. Mteja akikubali kwa maandishi, natengeneza `tamasha_A3_v06_CHAPA.pdf`, nayo inakaa kwenye folda ya peke yake. Mchapaji haoni folda nyingine.

wino_mweusi: Wateja wangu wanapokea kila kitu WhatsApp, na picha ikifika kwenye Android inageuka `IMG-20250614-WA0007.jpg`. Jina zuri limeishia kwangu.

chapa_kazi: Itume kama dokyumenti, jina linabaki na picha haibanwi. Ila mteja ataisambaza kwa kamati kama picha tu, humzuii. Kwa hiyo andika namba ndani ya bango lenyewe, kona ya chini, herufi ndogo: "v06 SAMPULI". Iweke kwenye leya yake, uifiche unapotoa ya CHAPA. Kamati wakikuambia "ile yenye picha ndogo", waombe wasome kona. Na mchapaji akiiona namba hiyo kwenye kona ya bango, anajua si ya kuchapwa.

wino_mweusi: Hiyo naichukua. Na tarehe kwenye jina je? Mimi huandika `2025-06-14`, zinajipanga zenyewe.

chapa_kazi: Mimi tarehe naiacha kwenye daftari. Siku moja inaweza kuzaa matoleo manne.

wino_mweusi: Sasa si ndiyo uweke vyote viwili? Mteja akisema "ile ya Jumamosi" unaikamata hapohapo.

rangi_mbili: Nimemuuliza ya picha. Kajibu: "Kubwa, ila si kubwa sana." Nahisi v07 inakuja. Swali jingine: daftari mnamwonyesha mteja au mnabaki nalo wenyewe?

mama_kadi: Mwonyeshe.

pikseli: Usimwonyeshe, ataanza kurekebisha na daftari.