Naomba ushauri: jenereta ikikataa kuwaka, mpango wa akiba uanze lini?

Katibu wa Molo:
Hamjambo wadau. Mimi ni katibu wa kituo cha ushirika cha kukusanya maziwa karibu na Molo, na tuna tangi moja la kupozea la lita 2,000. Jioni moja ya Aprili umeme ulikatika tukiwa na lita 1,200 zilizokwisha kupoa hadi nyuzi 4, jenereta ikakataa kuwaka kwa kuwa betri yake ilikuwa imekufa, na mpokeaji akaendelea kumimina maziwa ya jioni, lita 800, ndani ya tangi lilelile. Asubuhi kipimo cha alkoholi kiliyagandisha yote. Sasa kamati inadai mpango ulioandikwa. Nimeandika kwamba mpango wa dharura ni jenereta yetu, na mpango wa akiba ni jenereta ya kukodi. Mjumbe mmoja anasema hayo ni jambo moja lenye majina mawili, na mwingine anasema jenereta ni kupunguza hatari tu. Nani yuko sahihi?

Mwenyeji wa Njoro:
Ndugu katibu, kupunguza hatari hufanywa kabla, na mipango hiyo miwili hutekelezwa baada ya tatizo kutokea. Wa dharura ni wa kwanza, wa akiba ni wa pili. Ongeza hata wa tatu na wa nne, mradi iwe mingi.

Mama Samaki, Dunga:
Mimi nauza samaki hapa Kisumu. Barafu ilipokuwa ikikosekana mara kwa mara, nilipunguza hatari kwa kuacha kabisa kununua samaki wa jioni. Faida imeshuka, lakini sijatupa samaki tena. Je, katibu, hamwezi kuacha maziwa ya jioni?

Fundi wa Vipozeo, Nakuru:
Mama, uliyofanya ni kuepuka: samaki wa kulala hayupo tena, kwa hiyo hakuna cha kuoza usiku, na gharama yake ni ile faida uliyoiacha. Katibu akibadilisha betri kwa ratiba na kuwasha jenereta kila wiki ikiwa imebeba mzigo wa kipozeo, hapo anapunguza uwezekano wa hasara, na hulipia hilo hata mwaka ambao umeme haukatiki.

Ndugu wa Njoro, mpangilio wako ni sahihi, ila wingi wa mipango hausaidii. Mpango wa dharura huanzishwa na dalili ya hatari yenyewe, kwa mfano umeme kutorudi kwa dakika 30. Mpango wa akiba huanzishwa na kushindwa kwa ule wa dharura, na kushindwa huko lazima kuwe na saa yake, la sivyo mtu atazungusha ufunguo wa jenereta mpaka usiku wa manane akiamini kwamba itawaka.

Katibu, hesabu lita zako. Lita 1,200 za nyuzi 4 zikichanganywa na 800 za nyuzi 34 hutoa nyuzi 16. Hasara ilianza mpokeaji alipofungua kifuniko, kwa hiyo agizo la kwanza la mpango wa dharura liwe kutochanganya: maziwa ya jioni yabaki kwenye makopo yake. Kisha jaribu tangi lenu kwa maji baridi, umeme ukiwa umezimwa, mjue linachukua saa ngapi kufika nyuzi 7.

Katibu wa Molo:
Tumejaribu leo, nashukuru. Limechukua saa 5. Lori la tangi la kutoka mjini hutufikia kwa saa 2, na kupakia ni nusu saa. Tukimpigia mwenye lori badala ya kukodi jenereta, je, huo ni mpango wa akiba?

Fundi wa Vipozeo, Nakuru:
Ndiyo, na ni bora, kwa sababu jenereta ya kukodi ingeweza kukwamishwa na tatizo la nyaya zenu zilezile. Toa saa 2 na nusu kwenye saa 5: simu isipopigwa ndani ya saa 2 na nusu tangu umeme kukatika, mmechelewa. Mimi ningeandika saa 1: dakika 30 za kungoja umeme, 30 za kuhangaika na jenereta, kisha simu. Lakini niambie, mvua inayoangusha nguzo za umeme huko kwenu huiacha barabara ikipitika?

Katibu wa Molo:
Kilomita 4 za mwisho huwa tope tupu.

Fundi wa Vipozeo, Nakuru:
Basi akiba hiyo inaweza kuanguka usiku uleule mtakaoihitaji. Tafuteni trekta la kufikisha makopo barabarani, na mkubaliane bei sasa.

Mwenyeji wa Njoro:
Bado nasema kununua jenereta ni kupunguza hatari, kwa maana fedha hutoka kabla.

Fundi wa Vipozeo, Nakuru:
Fedha hutoka kabla, lakini kazi yake husubiri dalili. Ingekuwa inajiwasha yenyewe sekunde chache baada ya umeme kukatika, ningekubaliana nawe nusu.

Katibu wa Molo:
Nitamwona mwenye trekta kesho. Maziwa ya jioni yaliyobaki kwenye makopo bado sijajua tuyafanyeje.