UZI: Nimeuziwa gemu la maharamia la 1990 na gurudumu bovu la karatasi. Huu ni uhuni!

DisketiMbovu:

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, mnisamehe herufi zikipishana.

Nina kompyuta ya zamani, 486, niliinunua ofisi moja ilipopiga mnada vyombo vyake. Inawaka vizuri, disketi inasoma vizuri. Nikasema sasa nitimize ndoto ya ujana, nicheze The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 kwa disketi halisi, kwenye mashine halisi. Nikampata muuzaji mtandaoni, akaniapia kwamba boksi limekamilika: disketi, kitabu na gurudumu. Nikatoa laki mbili na nusu. Mke wangu mpaka leo anajua ni elfu hamsini.

Mzigo umefika jana. Disketi nzima. Nikapakia, likatokea lile swali la mwanzo. Kwa wasiolijua: kabla hujacheza, kioo kinakuonyesha uso wa haramia uliounganishwa vipande viwili, macho ya mtu huyu na kidevu cha mtu mwingine. Kisha unaulizwa haramia huyo alinyongwa mwaka gani mahali fulani, mathalani Jamaica au Tortuga. Jibu halimo kwenye disketi unayoweza kulisoma. Limo kwenye gurudumu, yaani karatasi ngumu mbili za duara zilizobanwa katikati kwa pini. Kubwa la chini lina nusu za juu za nyuso, dogo la juu lina nusu za chini. Unazungusha mpaka uso ufanane na ule wa kwenye kioo, halafu unachungulia kidirisha chenye jina la mahali ulipoulizwa. Mwaka unaouona humo ndio unaouandika.

Sasa gurudumu nililoletewa si halisi! Ni la kuchapwa kwa printa ya nyumbani, likabandikwa kwenye kadibodi, likatobolewa kwa msumari. Nikilinganisha nyuso, macho yanazama chini ya karatasi ya juu, mashavu hayakutani. Vidirisha vya karibu na katikati vinaonyesha mwaka vizuri. Vya pembeni naona vichwa vya tarakimu tu, 1 na 7 sizitofautishi. Nimekisia, nimekosea, nimetupwa nje mpaka kwenye `C:\>`. Nimerudia hadi saa saba usiku.

Muuzaji anajibu eti "gurudumu lipo, si ulitaka gurudumu?" Jamani! Na hao waliobuni mtindo huu wa kumfanya mteja aliyelipa aonekane mwizi mlangoni kwake, nao siku moja watajibu.

---

Turbo255:

Pole mkuu. Hata mimi usukani wangu haukutambulika mpaka nilipoweka draiva. Umejaribu kuuchomeka tundu jingine?

---

DisketiMbovu:

@Turbo255 gurudumu la KARATASI ndugu yangu. Karatasi.

---

FundiBaiti:

Mbona unahangaika na makaratasi? Kila kinga ya namna hii mwisho wake ni ulinganisho mmoja tu: ulichoandika ni sawa na jibu au si sawa. Fungua programu kwa kihariri cha baiti, tafuta ile ruka-kama-si-sawa, iue. Kitu kama hiki:

```
75 1A   ->   90 90
```

Mashine inapita moja kwa moja, andika mwaka wowote. Vijana wa miaka ya 80 walifanya hivyo kwa kila gemu.

---

KibodiYaMzee:

FundiBaiti uko sawa kwa magemu mengi, ila kwa hili utapoteza usiku. Programu ya gemu hili ni mkalimani tu. Maswali, nyuso na ukaguzi vimo kwenye hati zilizofungwa ndani ya mafaili ya data, na kila baiti ya `DISK01.LEC` imegeuzwa kwa XOR na 0x69. Ukitafuta 75 ndani ya programu utazikuta nyingi, na hakuna hata moja inayomjua haramia. Lazima kwanza uigeuze data, uitafute hati yenyewe, ubadilishe, uirudishe.

Anayetaka njia rahisi atumie ScummVM, programu ya kuchezea magemu ya zamani kwenye kompyuta za leo, yenyewe huliruka swali mpaka uiambie uliulize:

```
copy_protection=true
```

Lakini naona mwenye uzi anataka mashine yake ya zamani, na nina heshima na ukaidi wa namna hiyo. Basi tutengeneze gurudumu.

@DisketiMbovu umetoa dalili nzuri kuliko ulivyojua. Katikati ni sawa, pembeni ni kosa, na kosa linakua kadiri unavyotoka kwenye pini. Hapo tatizo ni kipimo. Duara kubwa halikuenea kwenye karatasi ya A4, printa ikalipunguza lenyewe ili liingie. Duara dogo lilienea, likachapwa kwa ukubwa wake. Muuzaji hakuangalia. Kama yangepunguzwa yote mawili kwa kiasi kilekile, ungeishi bila kujua, maana pembe hazibadiliki.

Lakini hakikisha pia tundu. Linganisha uso mmoja, halafu usizungushe, utazame uso wa upande wa pili wa duara. Upande mmoja ukikaa sawa na wa pili ukapotoka, msumari haukupita kwenye kitovu, na hilo ni kosa jingine.

Kisha inua karatasi ya juu, pima upana wa uso mmoja palepale ulipokatwa, kwenye duara kubwa na kwenye dogo. Nipe namba.

---

MamaDisketi:

Mmenikumbusha Mombasa, ndugu yangu alipoletewa Prince of Persia kwenye disketi ya kunakili, bila kitabu wala boksi. Ukimaliza hatua ya kwanza unaingia chumba kimejaa chupa za dawa, kila chupa na herufi yake, na chini kioo kinakuambia ukatazame ukurasa fulani, mstari fulani, neno fulani. Ukinywa chupa ya herufi isiyo yenyewe, unapungukiwa uhai, na ukirudia kukosea unakufa.

Sisi hatukujua kuna kitabu. Wallahi tulidhani ni fumbo la gemu! Tulikaa likizo nzima tunanywa chupa. Kaka yangu akawa na daftari, anaandika "leo H imeua, jana H ilipona". Hakuelewa kwa nini haishiki. Kumbe swali linabadilika kila mara.

---

KibodiYaMzee:

@MamaDisketi daftari la kaka yako lilikuwa wazo sahihi, alikosa tu kuandika ukurasa na mstari kando ya herufi. Angeandika hivyo angemaliza maswali yote, maana hayakuwa na mwisho mrefu.

---

MchunaNazi:

Mimi nijuavyo magurudumu yale yalikuwa hayanakiliki kabisa. Walitumia karatasi nyekundu ambayo mashine ya fotokopi haiioni, unatoa kopi inatoka nyeusi tupu. Ndiyo maana mtu wa huku hakuweza kupata.

---

KibodiYaMzee:

Hapo umechanganya vitu viwili. Karatasi nyekundu iliyoiva ilikuwapo kweli, SimCity ilikuja na moja, maandishi meusi juu ya wekundu mzito. Fotokopi ya nyeusi na nyeupe ya wakati ule iliona vyote ni giza. Na hata macho ya mwenye mali yaliumia, hasa chini ya balbu ya manjano.

Gurudumu lenyewe halikutegemea rangi. Lilitegemea uvivu wako: ulibandue, unakili pande mbili, ukate vidirisha kwa wembe, ulibane upya. Kwa mwenye subira ni kazi ya mchana mmoja.

Tena ukilitazama kwa hesabu, ni dhaifu kuliko linavyojionyesha. Tuseme kila duara lina nusu 15 za nyuso. Kwenye kioo unaweza kutengeneza nyuso 225, unatishika. Lakini ukiupanga uso mmoja, nyuso nyingine 14 zinazolizunguka nazo zimeshajipanga kwa wakati uleule, kwa hiyo duara lina mikao 15 tu. Ikiwa majina ya mahali ni 7, majibu yote ni 105. Hayo yanaenea kurasa mbili za daftari la shule, na ndivyo yalivyosambaa.

Kabla ya hapo, 1984, Jet Set Willy, gemu la kompyuta ya Spectrum, ilikuja na kadi ya vigae vya rangi nne, misimbo 180. Gemu lilikuwa kwenye kanda, na kanda yoyote ilinakiliwa kwa redio ya deki mbili, kwa hiyo kinga ikahamia kwenye karatasi, kwa kuwa fotokopi ya rangi ilikuwa adimu. Ukikosea mara mbili kompyuta inajifuta, unapakia kanda upya. Asiyetofautisha rangi alilipa pesa yake akabaki mlangoni. Huyo ndiye mwenye haki ya kufungua uzi kama huu.

---

DisketiMbovu:

Mzee na mimi pia nina haki! Nimelipa laki mbili na nusu!

Haya, nimepima. Duara dogo, uso una milimita 20. Duara kubwa, 18. Upande wa pili wa duara unakaa sawasawa na huu, kwa hiyo msumari walau aliupiga vizuri, kwa bahati mbaya yake nimekosa la kumsema hapo.

---

KibodiYaMzee:

18 kwa 20 ni asilimia 90. Peleka duara dogo kwenye fotokopi, mwambie kijana akupunguzie mpaka 90, kwenye karatasi nene. Vidirisha ukate upya kwa wembe na rula, usifuate matundu ya lile la zamani. Na kabla ya kukata, weka kopi juu ya duara kubwa, uishike dirishani kwenye jua, uone kama kila mwaka unaangukia ndani ya kidirisha chake.

---

FundiBaiti:

Mimi bado nasema baiti ni haraka. Nitaijaribu hiyo 0x69 usiku huu.

---

DisketiMbovu:

Mrejesho. Kopi shilingi mia tatu, wembe ninao. Nimekata kidole, si sana. Macho yamekutana na mashavu, nimeulizwa mara tatu, nimejibu mara mbili sawa. Ya tatu ilikuwa Nebraska, kidirisha chake nilikikata kikapinda, nikasoma vibaya. Na hebu mtu anieleze, Nebraska haina hata bahari, haramia alifikaje huko kunyongwa?

Muuzaji nimemtumia picha ya rula juu ya duara lake. Ameisoma tangu asubuhi, hajajibu. Sitaki tena anibadilishie gurudumu, nataka laki moja yangu irudi, na uzi huu sifungi.

---

Turbo255:

Kumbe si usukani. Sasa ukishajibu mwaka, gari unaliendesha kwa vitufe vipi?