Naomba ushauri: barua ya kumwarifu mkopeshaji kuwa kaka amefariki

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Niko Tandahimba. Kaka yangu amefariki, hata arobaini bado. Kwenye mkoba wake tumekuta mkataba wa mkopo wa shilingi 2,000,000 kutoka taasisi moja ya mikopo. Salio ni 1,150,000, na mdhamini ni jirani yetu. Afisa mikopo anapiga simu ya marehemu, shemeji anaiangalia tu ikiita, uchungu haumruhusu kupokea.

Cheti cha kifo tumeshaomba. Kikao cha ukoo kimenipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, ila Mahakama ya Mwanzo bado haijaniteua. Nimeandika rasimu:

"Nasikitika kuwaarifu kuwa mteja wenu amefariki. Naomba msitishe madai na riba hadi msimamizi ateuliwe na minada ya korosho ianze Oktoba. Naandika kwa niaba ya familia. Si ahadi yangu binafsi ya kulipa."

Shemeji anaona sentensi ya mwisho ni kali. Mimi naona ibaki, maana deni hulipwa kwa mali ya marehemu, si mfuko wa ndugu.

Kwenye mkataba kuna makato ya bima ya mkopo. Je, niulizie bima kwenye barua hii hii, au nisubiri cheti? Na mdhamini, nimwombee subira humo humo au aandike yake? Naogopa wasije wakamgeukia yeye kabla hatujajibiwa.