Rimoti desktopu yakataa paswadi na paswadi ni sahihi, nisaidieni

bin_kisauni:
Asalaam aleikum wadau. Niko ofisi moja ya kliaringi huku karibu na Kilindini, tuna seva ya Windows Server 2019, haiko kwa domeini, na mimi ndio niliachiwa mambo ya kompyuta baada ya jamaa aliyekuwepo kuondoka. Nimemfungulia akaunti dada mmoja wa makaratasi nikamtia kwa grupu ya Remote Desktop Users. Akikaa kwenye seva yenyewe paswadi inamuingiza vizuri tu, lakini akienda kwa laptopu yake ghorofa ya juu anaambiwa hivi:

```
The system administrator has restricted the type of logon
(network or interactive) that you may use.
```

Mimi nikitumia Administrator kutoka laptopu hiyo hiyo naingia bila tabu. Nshabadilisha paswadi mara tatu, dada ashaanza kuniangalia vibaya.

kijana_mtopanga:
Hiyo ni NLA bro. Nenda System Properties, tabu ya Remote, toa tiki pale pa Network Level Authentication, kwisha maneno. Mimi kila seva natoa.

bin_kisauni:
Nimetoa. Ni vile vile.

shangazi_likoni:
Hata mimi yangu inakataa jamani! Nyumbani naingia na PIN tarakimu nne, nikiitia PIN hiyo kwa rimoti yasema credentials did not work. Itakuwa ni hii hii?

mamake_zuu:
@shangazi_likoni yako ni mbali na hii, PIN inafanya kazi kwa hiyo mashini pekee, rimoti yataka paswadi yenyewe ya akaunti.

@bin_kisauni wacha paswadi ya watu, haina makosa. Ingekuwa mbaya ungeambiwa credentials did not work. Hapa seva imeikubali halafu ikasema wewe mlango huu si wako. Na mlango wenyewe sio wa rimoti, hapo ndipo wengi wanapotea. NLA ikiwepo, seva inamkagua mtu kabla hata skrini haijafunguka, na ukaguzi huo inauhesabu kama mtu anayeingia kupitia netiwaki, sawa na anayefungua folda ya kusheya. Kwa hivyo anahitaji haki mbili, ya netiwaki na ya rimoti. Remote Desktop Users inampa hiyo ya pili tu.

Kijana amekaribia lakini kutoa tiki kunamaanisha seva hailazimishi tena, laptopu bado inaendelea kutumia NLA yenyewe kwa sababu seva inaikubali. Fungua Event Viewer, Security, tafuta 4625 ya saa ile, niambie Logon Type na Status. Halafu kwa seva, ukiwa admini:

```
secedit /export /areas USER_RIGHTS /cfg C:\haki.txt
notepad C:\haki.txt
```

bin_kisauni:
Logon Type 3, Status 0xC000015B. Na kwa faili nimeona hizi:

```
SeNetworkLogonRight = *S-1-5-32-544
SeRemoteInteractiveLogonRight = *S-1-5-32-544,*S-1-5-32-555
```

mamake_zuu:
Si ndio huyo hapo. 544 ni Administrators, 555 ni Remote Desktop Users. Mstari wa rimoti una wote wawili, wa netiwaki umebaki na Administrators peke yao, ndio maana wewe wapita na dada anabaki nje. Kwa kawaida Users na Everyone huwa wamo, kwa hivyo kuna mtu aliwatoa kwa mkono, labda huyo jamaa yenu alikuwa anakaza usalama. Fungua secpol.msc, Local Policies, User Rights Assignment, Access this computer from the network, ongeza Remote Desktop Users tu, usirudishe Everyone. Chungulia na Deny access to this computer from the network, akiwa ameandikwa huko hata umuongeze wapi hapiti, Deny ndio hushinda. Na tiki ya NLA irudishe.

bin_kisauni:
Wallahi imeshika! Deny ilikuwa na Guests peke yake. Sijaristati hata, ameingia papo hapo. Lakini sasa nimefungua ya pili, ya kijana wa stoo, nayo imekataa, Status ni 0xC0000224.

mamake_zuu:
😂 Uliacha tiki ya User must change password at next logon. Seva yataka abadilishe paswadi, na kwa NLA hana skrini ya kubadilishia. Itoe, au aende akabadilishe kwa seva yenyewe.

kijana_mtopanga:
Mimi bado nasema bila NLA maisha ni rahisi.

mamake_zuu:
Rahisi kwako na kwa mwizi pia, kila anayegonga anafunguliwa skrini ya kuingilia hata hajataja jina.

shangazi_likoni:
Sasa mimi paswadi yenyewe siikumbuki, ni miaka natumia PIN. Naanzia wapi?