Naomba msaada: mstari wa mahitaji umehama, mimi napata 400, majibu yanasema 300

Mwana_ECA
Wakuu habari za jioni. Nipo kidato cha tano, kuna swali la grafu limenigomea. Ni soko la mihogo mwezi wa Ramadhani. Bei ipo kwenye mhimili wa wima, kiasi kwa siku kipo chini. Mstari wa ugavi (S) ni mmoja. Mahitaji yana mistari miwili, D1 kabla ya mfungo na D2 wakati wa mfungo. Swali limetoa hizi:

```
S:  Q = 0.2P - 100
D1: Q = 500 - 0.2P
D2: Q = 700 - 0.2P
```

D1 na S vinakutana kwenye bei ya 1500, kilo 200. Hapo sina shida. Nikitoka 1500 kwenda kulia hadi D2 nafika kilo 400, kwa hiyo nikaandika msawazo mpya ni kilo 400. Majibu yanasema bei 2000, kilo 300. Hizo kilo 100 zimeenda wapi?

Bi Mkubwa wa Sokoni
Mihogo ya wapi hiyo kilo 2000 mwanangu? Halafu sisi hatupimi kilo, tunauza kwa fungu. Ukipata mteja wa bei hiyo nielekeze.

Mwana_ECA
Shikamoo mama. Ni namba za mtihani tu hizo 😅

Kamusoko
Dogo, jibu ni rahisi. Mahitaji yakipanda bei inapanda, mkulima akiona bei nzuri analeta mzigo zaidi. Kwa hiyo na S nayo inahamia kulia, ndiyo maana kiasi kimeongezeka. Chora S2 utaona.

Mwl. Chaki
Kamusoko, nusu ya kwanza uko sahihi, ila hiyo S2 ifute. Mkulima ameleta zaidi kwa sababu bei imepanda, na hilo S yenyewe inalisema tayari: kwenye 1500 analeta 200, kwenye 2000 analeta 300. Ametembea juu ya mstari uleule. S ingehama endapo angeleta zaidi kwa bei ileile ya 1500, tuseme mvua imekuwa nzuri au nauli ya lori imeshuka. Na ukichora S2 kwa makosa, bei inaweza kurudi palepale 1500 ukabaki unashangaa.

Sasa Mwana_ECA. Ile 400 yako ni namba ya kweli, ila umeipa jina lisilo lake. Ni kiasi ambacho watu *wangetaka* kama bei ingebaki 1500. Tazama kwenye bei hiyohiyo S iko wapi: kilo 200. Wanaotaka 400, iliyopo 200, upungufu ni kilo 200. Nukta yako imekaa juu ya D2 lakini haigusi S, basi si msawazo.

Upungufu huo ndio unaosukuma bei juu, na ikipanda mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Wanunuzi wanateremka kwenye D2 kutoka 400 hadi 300, kuna watakaohamia magimbi. Wauzaji wanapanda kwenye S kutoka 200 hadi 300. Wanakutana kwenye 2000. Kilo 100 unazozitafuta ni za wale walioshindwa bei.

Ukitaka kujihakiki, weka 2000 kwenye S, kisha kwenye D2. Zote mbili zikikupa 300, umemaliza.

Mwana_ECA
Aisee, nimeelewa. Nilikuwa naangalia mstari mmoja tu.

Bi Mkubwa wa Sokoni
Mwalimu, hilo la kupanda taratibu sokoni halipo. Siku ya kwanza ya mfungo lori limeshafika na mzigo ni uleule wa jana. Hakuna atakayeng'oa mihogo mingine asubuhi hiyo. Bei inaruka juu kabisa, wiki inayofuata malori yakiongezeka ndiyo inashuka kidogo.

Mwl. Chaki
Mama, hapo umenipa somo la kesho. Kwa siku hiyo moja ugavi ni mstari wima kwenye 200, hausogei hata bei ikiwaje. Panda nao hadi uguse D2: 700 - 0.2P = 200, bei 2500. Malori yakianza kuitikia unarudi kwenye S ya swali, bei inashuka hadi 2000. Mwana_ECA, kwenye mtihani tumia S uliyopewa, hiyo 2500 usiiandike.

Kamusoko
Sawa, S2 nimefuta. Ila Idi ikipita D2 inarudi D1, siyo? Mbona bei za mtaani kwetu hazirudi 1500?

Mwl. Chaki
Huenda S nayo imehamia kushoto katikati ya mwezi, au mahitaji hayajarudi yote. Grafu ya swali hili haiwezi kukuambia ni ipi.

Bi Mkubwa wa Sokoni
Kwangu zinarudi. Labda wa mtaani kwenu wamewazoea.