Barua ya rufaa ya baba: "?stricture r/o Ca" maana yake nini?

Kutoka: mwana wa Langoni, Toronto

Assalaam alaykum jamaa. Baba yuko Lamu, kumeza kumemshinda, jana wamempa barua ya rufaa aende Mombasa, dadangu kanipigia picha akanitumia na mimi sikulala. Nanakili kama ilivyo:

```
67/M c/o dysphagia 3/12, wt loss
k/c HTN on amlodipine 5 mg OD
O/E pale ++  Hb 8.4
Imp: ?oesophageal stricture r/o Ca
Plan: refer for OGD + biopsy
```

Hiyo 3/12 nadhani ni tarehe lakini Desemba baba hakwenda hospitali yoyote. Na hiyo Ca ndiyo iliyonimaliza. Dada auliza amwambie baba ana kansa au anyamaze. Kesho daktari atatupa dakika chache kwa simu, nimuulize nini?

Kutoka: wa Shela, Dubai

Pole sana kaka. Ca ni kalsiamu, karatasi yangu ya maabara imeandikwa hivyo hivyo. Na hiyo OGD ni upasuaji, tayarisheni pesa za kulazwa.

Kutoka: nesi mstaafu, Malindi

Mwanangu, tulia kwanza. Wa Shela hajakosea kabisa, kwenye majibu ya maabara Ca huwa kalsiamu, na mbele yake utaona nambari. Hapa haina nambari na imekuja baada ya r/o, kwa hivyo ni kansa, lakini r/o maana yake ni "tuhakikishe kama siyo hii". Na ile alama ya kuuliza yasema daktari anadhani njia ya chakula imekuwa nyembamba, bado hajaona kwa macho. Kwa barua hii hakuna mtu aliyemwambia baba yako ana kansa, na dada asimwambie hivyo. Lakini msiikalie pia, mtu mzima kushindwa kumeza na huku akonda ni jambo la kuangaliwa upesi.

3/12 si tarehe. Juu ni hesabu, chini 12 ni miezi, yaani miezi mitatu. Ingekuwa 3/52 ni wiki tatu, 3/7 siku tatu. OGD ni kamera nyembamba yapitishwa mdomoni mpaka tumboni, si kupasuliwa, wengi hurudi nyumbani siku ile ile, na biopsy ni kunyofoa kinyama kidogo kikapimwe.

Mimi kilichonishtua ni Hb 8.4, damu imepungua sana kwa mwanamume, na barua haisemi kwa nini. Muulize baba kama anameza dawa nyingine isiyoandikwa hapo, hasa aspirini, wazee wengi wa presha wanazo mfukoni. Aspirini yaweza kutoboa tumbo vidonda damu ikavuja polepole. Muulize pia choo chake ni cheusi kama lami? Na kinachokwama ni nini, mkate na wali tu, au hata chai?

Kutoka: Leicester

Mimi barua yangu ya goti ilikaa miezi kumbe haijafika kule ilikotumwa, nilipopiga simu wakasema hawana jina langu. Uliza imetumwa au baba ndiye ataibeba.

Kutoka: mwana wa Langoni, Toronto

Mama Malindi Allah akulipe. Dada kamuuliza, anameza aspirini kila asubuhi miaka minne sasa, ananunua mwenyewe duka la dawa, hakuna aliyemuuliza! Ugali na nyama vyakwama, chai na uji vyapita. Choo asema hatazami. Sasa aache aspirini?

Kutoka: nesi mstaafu, Malindi

Hilo mimi siamui kwa mbali. Kwa kamera pekee aspirini mara nyingi haisimamishwi, ila na damu ya 8.4 daktari aweza kuona vingine, na inategemea alianzishiwa kwa nini. Liwe swali lako la kwanza, na mwambie aiandike kwenye barua. La pili, aongezwe damu kabla ya safari? Kuvuka mpaka Mokowe halafu basi mpaka Mombasa si mchezo kwa mtu aliyepauka hivyo. La tatu, kinyama kitachukuliwa siku ile ile, na majibu yatampata nani na baada ya siku ngapi? Muulize pia asile tangu saa ngapi, kawaida ni kukaa bila kula kwa muda wa saa sita au zaidi, heri alale Mombasa usiku wa kabla.

Na akishindwa kumeza hata maji au mate, akitapika damu au choo kikiwa cheusi, msingoje hiyo siku ya kamera, mpelekeni hospitali hapo hapo.

Kutoka: wa Shela, Dubai

Samahani kaka kwa kukuchanganya. Mimi lakini naona baba aambiwe yote, ni mwili wake.

Kutoka: mwana wa Langoni, Toronto

Dada hataki, mimi sijui. Kwa sasa tumemwambia njia ya chakula imebana na wataiangalia kwa kamera. Ameuliza atarudi lini.