Otopailoti wakati wa kusi: RUDDER kubwa, COUNTER RUDDER kubwa, au kulegeza vyote?

Zamu_ya_Pili

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni ofisa wa pili kwenye meli ya mizigo ya mita 90. Tunakwenda noti 12, Dar hadi Mombasa na kurudi. Kusi likishika, zamu yangu ya usiku inakuwa ya kusikiliza pampu za usukani zikifanya kazi bila kupumzika. Fundi wa umeme alinifungulia ukurasa wa ndani wa otopailoti, unaoonyesha vizidishi vyenyewe badala ya zile namba za 1 hadi 9 za kwenye kibao. Nimejaribu mipangilio mitatu na ningependa mnisaidie kuilinganisha.

Wa kwanza: RUDDER 2, COUNTER RUDDER 0. Yaani kosa la digrii 1 linaleta usukani digrii 2. Nikibadili mwelekeo kwa digrii 10, meli inapitiliza kama 5, inarudi, inapitiliza tena upande wa pili. Kila mzunguko unachukua zaidi kidogo ya dakika moja.

Wa pili: RUDDER 1, COUNTER RUDDER 16. Maji yakiwa shwari inatulia vizuri mno. Tukielekea kaskazini na mawimbi yakitoka tezi kulia, usukani unapigwa huku na huku na pampu zinalia.

Wa tatu: RUDDER 0.5, COUNTER RUDDER 8, WEATHER 3. Kimya kizuri, lakini omo linakwenda kulia kuelekea upepo na kukaa huko, mbali na mwelekeo niliouweka.

Nichague upi?

Mzee_wa_Tezi

Kijana, nimeshika usukani miaka mingi. Huo wa kwanza hauna kosa kubwa, ila RUDDER yako ni ndogo. Meli ikichelewa kurudi, ongeza hadi 3 au 4 iamrishwe kwa nguvu. Na COUNTER RUDDER iweke kubwa siku zote, ndiyo inayozuia kupitiliza. Hata sisi kwa mkono tulikuwa tunairudishia usukani wa upande wa pili kabla haijafika.

Fundi_Gairo

Shikamoo Mzee. La COUNTER RUDDER uko sahihi kwa maji shwari, na kurudishia kabla haijafika ndiyo kazi yake hasa. La kuongeza RUDDER naomba tulitazame, maana hapo ndipo wengi tunapotea.

Meli haifanyi kama gari. Ukiweka usukani digrii 10 na kuuacha, mwelekeo hausogei digrii kadhaa na kusimama, bali meli inaendelea kuzunguka mpaka uuondoe. Mwelekeo ni jumla ya kugeuka kote kulikotangulia. Juu ya hapo kuna uzito: kasi ya kugeuka haipatikani papo hapo, inajengeka polepole, na usukani ukirudi katikati inakufa polepole. Nomoto, Mjapani, aliyaandika haya mwaka 1957 kwa namba mbili tu, K na T:

```
T·r' + r = K·δ
ψ' = r
δ = −Kp·(ψ − ψ0) − Kd·r
```

Hapo ψ ni mwelekeo, ψ0 ni ule uliouweka, r ni kasi ya kugeuka, δ ni usukani; K ni nguvu ya usukani kuigeuza meli, T ni muda wa kuchelewa kwake. RUDDER yako ni Kp, COUNTER RUDDER ni Kd. Ndugu Zamu, una K na T za meli yako?

Zamu_ya_Pili

Sina. Zinapatikana vipi?

Fundi_Gairo

Siku ya maji shwari, mahali penye nafasi, nenda moja kwa moja kwa noti 12, kisha weka usukani digrii 10 kulia na uuache hapo. Andika mwelekeo kila baada ya sekunde 5 kwa dakika mbili, halafu chora. Mwanzo mstari utapinda, kisha utanyooka. Mwinuko wa sehemu iliyonyooka, ukiugawa kwa 10, ndio K. Sehemu hiyo hiyo irefushe kwa rula kurudi nyuma mpaka ikate mwelekeo wa mwanzo. Wakati inapokata ndio T, ila toa sekunde 2 hivi, kwa sababu usukani wenyewe ulichukua sekunde 4 kufika 10. Rudia kushoto pia, maana propela huufanya kila upande uwe tofauti kidogo. Usitumie usukani mkubwa: meli itapoteza mwendo na namba zitakudanganya.

Zamu_ya_Pili

Nimerudi, wakuu. Tumefanya jana asubuhi kwa ruhusa ya nahodha. Mstari ulionyooka ulikuwa digrii 48 kwa dakika, na ulikata sekunde ya 22. Kushoto karibu sawa.

Fundi_Gairo

Safi sana. Digrii 48 kwa dakika ni 0.8 kwa sekunde, kwa hiyo K ni 0.08 na T ni sekunde 20. Sasa mipangilio yako inaweza kusema yenyewe.

Ukitumia RUDDER peke yake, mtikisiko unafifia kwa kasi inayotegemea T tu. Kila sekunde 40, yaani mara mbili ya T, unabaki na kama theluthi moja. Kp haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Mzee, ukipandisha RUDDER kutoka 2 hadi 4, meli haitulii mapema hata kwa sekunde moja. Inachopata ni kuyumba kwa haraka zaidi ndani ya muda ule ule. Kwa Kp 2 mzunguko ni sekunde 73 na kupitiliza ni asilimia 40, yaani digrii 4 kati ya 10. Ndugu Zamu ameona 5 kwa sababu mashine ya usukani nayo inachelewa, na hesabu hii haikuihesabu.

Kd ndiyo inayoongeza ufifishaji, kwa sababu inasoma kasi ya kugeuka. Kipimo cha utulivu ni hiki:

```
ζ = (1 + K·Kd) / (2·√(T·K·Kp))
```

Mpangilio wa kwanza unatoa 0.28, wa pili 0.9. Kwenye 0.9 kupitiliza karibu hakuonekani. Ndiyo maana maji yakiwa shwari unaupenda huo wa pili.

Mzee_wa_Tezi

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na nakubali hilo la RUDDER. Lakini kama wa pili ni mzuri hivyo, mbona unapiga kelele wakati wa kusi?

Fundi_Gairo

Kwa sababu Kd haijui kama kasi ya kugeuka imeletwa na kosa la kweli au na wimbi litakaloirudisha meli lenyewe.

Chukua mawimbi ya sekunde 8 yanayotoka tezi, digrii 30 pembeni. Meli inakimbia nayo, kwa hiyo yanaifikia kila sekunde 14 hivi. Tuseme omo linayumba digrii 2 kila upande. Kasi ya kugeuka inafika digrii 0.9 kwa sekunde, na Kd 16 inaagiza usukani wa digrii 14 huku na huku. Ili kufuata amri hiyo, usukani ungehitaji kusogea digrii 6 na nusu kwa sekunde. Sheria ya SOLAS inadai kutoka digrii 35 upande mmoja hadi 30 upande wa pili ndani ya sekunde 28, yaani kama 2.3 kwa sekunde. Mashine yako haifiki. Inabaki inakimbizana na amri bila kuipata, na usukani unafika mahali wakati haja imeshapita.

Na hata ingefika, ingesaidia nini? Kwa mzunguko wa sekunde 14, usukani wa digrii 10 huku na huku unausogeza mwelekeo wa meli hii digrii 0.2 tu. Uzito wake unameza yote. Unachosha pampu na kupunguza mwendo kwa ajili ya kitu ambacho usukani hauwezi kukibadili.

Ukitaka kuhakikisha, tazama kiashiria cha usukani. Ukikiona kinapanda na kushuka kwa mwendo ule ule kama pembe tatu, bila kutua kileleni, mashine imefika kikomo chake cha kasi.

Jahazi_la_Injini

Mimi nina boti ya uvuvi ya mita 11 na otopailoti ndogo. Nayo ina kosa hilo hilo: naweka mwelekeo, inaushika vizuri kabisa, lakini nafika maili nzima kaskazini ya ninapotaka. Niongeze COUNTER RUDDER?

Fundi_Gairo

Hapana ndugu yangu, lako ni jambo jingine. Otopailoti yako inashika mwelekeo wa omo, na mkondo unaibeba boti nzima pembeni bila dira kuona lolote. Hakuna kizidishi kitakachoponya hilo. Rekebisha mwelekeo mwenyewe, au tumia ule mtindo wa kufuata njia ya GPS kama boti yako inao.

Zamu_ya_Pili

Kwa hiyo wa tatu? Mbona unakaa pembeni?

Fundi_Gairo

Wa tatu una ζ 0.92, sawa na wa pili, kwa sababu ulipunguza Kp na Kd pamoja. Meli inarudi taratibu zaidi, lakini haipitilizi, na amri ya usukani kwa wimbi lile inashuka hadi digrii 7. Ni mzuri. Unaharibiwa na mambo mawili.

La kwanza ni upepo. Kama meli inahitaji usukani wa digrii 3 wakati wote ili kuushinda upepo, Kp 0.5 haiwezi kuutoa mpaka kosa liwe digrii 6. Hapo ndipo unapokuta omo limekaa. Washa ile sehemu inayojumlisha kosa polepole, kwenye vibao vingi ni AUTO TRIM. Kwa meli yako muda wake uwe kama sekunde 200, na izimwe wakati wa kubadili mwelekeo, la sivyo itakusanya kosa la mgeuko mzima na kukupitilizisha.

La pili ni WEATHER 3. Ndani ya digrii hizo otopailoti haifanyi kitu, na meli haina mwelekeo inaoupenda yenyewe. Itaelea mpaka ukingoni, isukumwe, ielee hadi ukingo wa pili. Weka 1 au 0.

Zamu_wa_Ghuba

Salaam kutoka Fujairah. Kwenye tanki kubwa niliyopo, usukani ukiwa katikati meli inaanza kugeuka yenyewe na haiachi. T yake inakuwaje?

Fundi_Gairo

Meli ya namna hiyo T na K zake zote ni hasi. RUDDER peke yake haiwezi kamwe kuituliza. Kd lazima izidi 1/|K| ndipo ianze kushikika. Kwa hiyo huko huwezi kulegeza COUNTER RUDDER wakati wa mawimbi kama tunavyofanya hapa.

Mzee_wa_Tezi

Mawimbi makubwa yakitoka tezi hasa, mimi bado naamini mshika usukani mzuri anaishinda mashine. Analiona wimbi kabla halijafika, otopailoti haioni.

Fundi_Gairo

Mzee, hapo sikupingi. Mawimbi yakikimbia karibu na mwendo wa meli, yanaifikia polepole mpaka mzunguko wake unafanana na mzunguko wa otopailoti yenyewe. Hata kichujio cha mawimbi hakiwezi kuyatenganisha. Wengine hulegeza zaidi, wengine hushika usukani kwa mkono. Sijaona jibu moja.

Zamu_ya_Pili

Usiku wa kuamkia leo nimetumia 0.5, 8, AUTO TRIM 200, WEATHER 0. Upepo wa tezi kulia kama noti 20. Omo lilirudi kwenye mwelekeo baada ya kama dakika 10, na usukani ulikuwa unatembea digrii 5 hadi 7. Leo tunageuka kurudi Dar, mawimbi yatakuwa ya omo. Je, nirudishe 1 na 16?

Fundi_Gairo

Mawimbi yale yale yatakufikia kila sekunde 5 na kidogo. Mwelekeo utayumba kwa kiasi pungufu kuliko usiku wa jana, lakini Kd itaona kasi kubwa kwa kila digrii. Kaa na 0.5 na 8 kwanza. Nahodha akipunguza hadi noti 6 kwa ajili ya kupigwa omo, kumbuka K inashuka hadi 0.04 na T inapanda hadi 40. Utulivu wako utashuka mpaka 0.74 au karibu na hapo, na utaanza kuona kupitiliza kidogo. Hapo ndipo pa kupandisha COUNTER RUDDER, kama usukani utaruhusu. Tuandikie ulichokiona.